Nilifunga faili nikajiacha nje: hesabu ya biti, isiyobeba wala kukopa

Nina faili linaloitwa majina.csv. Ndani yake kuna orodha inayounganisha namba za watu niliowahoji kwenye utafiti wangu na majina yao halisi. Niliwaahidi kwamba hakuna mtu mwingine atakayeyaona majina hayo. Faili lenyewe linakaa kwenye seva ya Linux tunayotumia wanafunzi wengi, kwa hiyo siku moja niliamua kulifunga. Nilikuwa nimesikia mara nyingi kwamba "600" ndiyo ruhusa ya faili la siri, yaani mwenye faili anasoma na kuandika, wengine wote hawapati kitu. Basi nikaandika kwa Python:

```
os.chmod("majina.csv", 600)
```

Hakukuwa na kosa lolote kwenye skrini. Kesho yake nilipotaka kulifungua faili langu mwenyewe, nikajibiwa hivi:

```
PermissionError: [Errno 13] Permission denied: 'majina.csv'
```

Mwenzangu wa maabara akaja, akaangalia, akacheka. "Dada, umefunga mlango ukajiacha nje. Na dirisha umeliacha wazi." Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Mimi nisingeweza kusoma, lakini kila aliyekuwa kwenye kundi langu la watumiaji angeweza kuliandikia faili lile, hata kufuta yote yaliyomo.

Nilipoiuliza kompyuta hali ya faili (kuuliza habari zake hakuhitaji ruhusa ya kulifungua), ilinipa namba moja tu: 33368. Majibu yote yamo ndani ya namba hiyo. Katika makala hii tutaisoma pamoja. Huhitaji kujua programu; ukijua kujumlisha na kutoa kama tulivyofundishwa shule ya msingi, unatosha.

Kutoka makumi hadi mawili

Tuanze na tunachokijua. Ukiandika 4735 unamaanisha mamoja 5, makumi 3, mamia 7 na maelfu 4. Kila nafasi ni kubwa mara kumi kuliko iliyo kulia kwake, na kila nafasi inaweza kubeba tarakimu 0 hadi 9.

Kompyuta inafanya kitu hicho hicho, ila kila nafasi ina tarakimu mbili tu: 0 au 1. Kwa hiyo kila nafasi ni kubwa mara mbili, si mara kumi, kuliko ya kulia kwake. Badala ya 1, 10, 100, 1000, nafasi zake ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea. Namba 13 inaandikwa 1101, kwa sababu 13 ni 8 na 4 na 1, na nafasi ya 2 haina kitu. Kila nafasi ya namna hiyo inaitwa biti.

Mpaka hapo ni namna nyingine tu ya kuandika namba. Lakini kuna jambo moja muhimu: tarakimu yenye hali mbili tu inaweza pia kujibu swali la ndiyo au hapana. Kama swichi ya taa, imewashwa au imezimwa. Biti inayotumika hivyo, kama jibu na si kama kiasi, watu wa kompyuta huiita bendera. Imepandishwa au imeshushwa, basi.

Bendera tisa za faili

Kwenye Linux kila faili linajibu maswali tisa. Kuna watu wa aina tatu: mwenye faili, kundi lake, na wengine wote. Kwa kila aina kuna maswali matatu: je, anaruhusiwa kusoma (`r`)? Kuandika (`w`)? Kuliendesha kama programu (`x`)? Tatu mara tatu, tisa. Kila swali limepewa nafasi yake:

```
mwenye faili     kundi        wengine
 r    w    x    r   w   x    r  w  x
256  128   64   32  16   8    4  2  1
```

Faili langu kabla sijaliharibu lilikuwa hivi: mimi nasoma na kuandika, kundi wanasoma, wengine wanasoma. Tukiandika 1 penye ndiyo na 0 penye hapana tunapata 110 100 100. Jumlisha nafasi zenye 1: 256 + 128 + 32 + 4 = 420. Namba moja, majibu tisa.

Angalia vizuri hiyo 420. Haihesabu kitu. Hakuna vitu 420 popote. Ni safu ya swichi tisa iliyoandikwa kwa namna ya namba. Na hapo ndipo hesabu yetu ya kawaida inapoanza kutuletea shida.

Kwa nini kujumlisha hakufai

Tuseme unataka wengine waweze kusoma. Swichi yao ya kusoma ni ya thamani 4. Utasema, rahisi, najumlisha 4. Kama swichi ilikuwa imezimwa, utapata unachotaka. Lakini kwenye 420 ilikuwa imeshawashwa. 420 + 4 ni 424, na 424 ni 256 + 128 + 32 + 8, yaani 110 101 000. Soma sasa: wengine hawana ruhusa yoyote, na kundi limepata ruhusa ya kuendesha faili ambayo hakuna aliyeiomba.

Nini kimetokea? Ni kule kubeba. Shuleni 7 + 5 tunaandika 2 na kubeba 1 kwenda kwenye makumi. Kwa tarakimu mbili, 1 + 1 tunaandika 0 na kubeba 1 kwenda nafasi inayofuata. Ile 1 ilibebwa ikavuka mpaka, ikatoka kwa wengine na kuingia kwa kundi.

Kutoa ni hatari zaidi. Tuseme faili lina 416, yaani 110 100 000, wengine hawana chochote. Wewe kwa tahadhari unataka uhakika kwamba wengine hawasomi, basi unatoa 4. 416 − 4 ni 412, ambayo ni 110 011 100. Nafasi ya 4 ilikuwa 0, ikabidi ikope kwa jirani, jirani naye hana, akakopa mbele zaidi. Matokeo yake: wengine sasa *wanaweza* kusoma, na kundi linaweza kuandika. Umetaka kufunga, umefungua.

Kwa hiyo tunahitaji hesabu ambayo kila safu inajitegemea. Haibebi, haikopi, safu moja haijui kinachoendelea kwa jirani yake. Hizo ndizo opereta za biti.

Kuwasha, kuuliza, kuzima

Ya kwanza ni `|`, tuisome "au". Panga namba mbili moja juu ya nyingine. Katika kila safu, ikiwa juu au chini kuna 1, jibu ni 1. Zote mbili zikiwa 0, jibu ni 0. Hakuna zaidi.

```
  110 100 100    420
| 000 000 100      4
  110 100 100    420
```

Swichi ilikuwa imewashwa, imebaki imewashwa. Ingekuwa imezimwa, ingewaka. Ukirudia mara kumi hakuna kitakachoharibika, na safu nyingine nane hazikuguswa. Ndiyo sababu kuwasha bendera ni kazi ya `|`, si ya `+`.

Ya pili ni `&`, "na". Hapa jibu ni 1 pale tu ambapo juu na chini zote ni 1. Hii ndiyo inayotumika kuuliza. Je, wengine wanaweza kusoma faili la 420?

```
  110 100 100    420
& 000 000 100      4
  000 000 100      4
```

Jibu si sifuri, basi ndiyo. Ingekuwa sifuri, hapana. Ukitazama ile namba ya chini, kazi yake ni kama barakoa, ila ya kufunika uso wote na kuacha tundu mahali pamoja. Penye 0 inafunika, kwa sababu chochote "na" 0 ni 0. Penye 1 inaacha wazi, kwa sababu kilichopo kinapita kama kilivyo. Na ndivyo tutakavyoiita hapa, barakoa. Inaweza kuwa na tundu moja au mengi. Namba 7, yaani 111, ni barakoa yenye matundu matatu ya kulia kabisa, na tutaihitaji baada ya muda mfupi.

Na kuzima je? Tunataka barakoa inayofunika safu moja tu na kuacha nyingine zote wazi, yaani kinyume cha 4. Opereta `~` inageuza kila biti: 0 inakuwa 1, 1 inakuwa 0. Kwa hiyo kuzima ruhusa ya wengine kusoma ni:

```
420 & ~4     # 416
416 & ~4     # 416
```

Mara ya kwanza imezima. Mara ya pili ilikuwa imeshazimwa, ikabaki hivyo hivyo. Linganisha na ile 412 ya kutoa, utaona tofauti ya usalama.

Tahadhari ndogo: ukiandika `~4` peke yake kwenye Python utaonyeshwa -5, na unaweza kudhani umekosea. Hujakosea. Ukigeuza biti, hata zile sifuri zisizo na mwisho za upande wa kushoto zinakuwa 1, na namba yenye 1 zisizo na mwisho kushoto Python huiandika kama namba hasi. Ukishaiweka na `&` pembeni ya 420, zinazobaki na maana ni zile safu tisa tu.

Iko pia `^`, ambayo inatoa 1 pale juu na chini zinapotofautiana. Inageuza bendera: iliyowashwa inazimwa, iliyozimwa inawashwa. Inafaa kwa kitufe cha kuwasha na kuzima, lakini kwa kufunga faili la siri usiitumie. Ukiitumia mara mbili kwa bahati mbaya, umelifungua tena.

Kusogeza

Turudi kwenye 33368. Tunataka kujua mwenye faili ana ruhusa gani, lakini biti zake tatu ziko katikati ya namba, zimezungukwa na nyingine pande zote.

Fikiria kwanza kwa namba za kawaida. Nikikuuliza tarakimu ya mamia katika 4735 ni ipi, unaiona kwa macho: 7. Kompyuta haina macho, inahitaji hatua. Sogeza namba nzima kulia mara mbili, tarakimu mbili za mwisho zidondoke: inabaki 47. Kisha funika zote isipokuwa ya mwisho: 7. Hatua mbili, kusogeza na kufunika.

Kwa biti ni hivyo hivyo. Alama ya kusogeza kulia ni `>>`, na inafuatwa na idadi ya nafasi. Kama vile kusogeza nafasi moja kwenye namba za kawaida ni kugawa kwa 10 na kutupa baki, kusogeza biti nafasi moja ni kugawa kwa 2 na kutupa baki. Biti za wengine ni tatu za mwisho, za kundi ni tatu zinazofuata, na za mwenye faili ziko nafasi sita kutoka kulia. Kwa hiyo:

```
33368 & 7           # 0  wengine
(33368 >> 3) & 7    # 3  kundi
(33368 >> 6) & 7    # 1  mwenye faili
```

Tufanye moja kwa mkono. Kusogeza nafasi sita ni kugawa kwa 2 mara sita, yaani kwa 64. 33368 gawa kwa 64 ni 521 na baki, na baki tunalitupa. 521 ni 512 + 8 + 1, kwa hiyo biti zake tatu za mwisho ni 001. Barakoa ya 7 inaacha hizo tu: 1.

Sasa soma. Mwenye faili, yaani mimi, nina 001: kuendesha tu, siwezi kusoma wala kuandika. Kundi lina 011: kuandika na kuendesha. Wengine hawana kitu. Mlango umefungwa mwenyewe akiwa nje, dirisha liko wazi, kama mwenzangu alivyosema. Na kuwa kwangu ndani ya kundi hakunisaidii. Linux ikishatambua kwamba wewe ndiye mwenye faili, inatazama biti zako tatu tu na kuishia hapo.

Upande wa kushoto wa hizo tisa kuna habari nyingine. `33368 >> 12` inatoa 8, na hiyo ndiyo alama ya faili la kawaida. Folda hutoa 4.

Kusogeza kushoto ni `<<`, na kazi yake ya kila siku ni kutengeneza bendera. `1 << 5` maana yake chukua 1 uisogeze nafasi tano: 100000, yaani 32. Badala ya kukariri kwamba swichi ya sita kutoka kulia ni 32, unaiacha kompyuta ihesabu.

Basi 600 ilikosea wapi?

Nadhani umeshaanza kuona. Ile "600" niliyoisikia kwa watu haikuwa mia sita. Ilikuwa tarakimu tatu zilizosimama kila moja kivyake: 6 ya mwenye faili, 0 ya kundi, 0 ya wengine. Kila tarakimu ni biti tatu, na biti tatu zinahesabu kutoka 0 hadi 7. Sita ni 110, kusoma na kuandika. Namba zinazoandikwa hivyo, kwa tarakimu 0 hadi 7, ni za mfumo wa nane, na nafasi zake ni 1, 8, 64. Kwa hiyo 600 ya mfumo wa nane ni 6 × 64, sawa na 384 katika hesabu yetu ya kawaida.

Amri ya `chmod` unayoiandika moja kwa moja kwenye dirisha la amri inasoma namba yako kwa mfumo wa nane, ndiyo maana `chmod 600` inafanya kazi vizuri. Lakini Python ilipoona 600 iliielewa kama mia sita za kawaida. Na mia sita ni 512 + 64 + 16 + 8. Rudi kwenye jedwali la bendera: 64 ni mwenye faili kuendesha, 16 ni kundi kuandika, 8 ni kundi kuendesha. Ile 512 ni bendera ya kumi, ambayo kwenye folda ya pamoja kama `/tmp` huzuia watu kufuta mafaili ya wenzao. Kwa faili la kawaida Linux haiijali.

Programu haikukosea. Ilitii swichi nilizoiwashia, nami sikujua nimewasha zipi. Kurekebisha kulihitaji herufi mbili tu, 0 na o, zinazoiambia Python kwamba namba inayofuata ni ya mfumo wa nane:

```
os.chmod("majina.csv", 0o600)
```

Kulibadilisha faili ruhusa ni haki ya mwenye faili hata kama hawezi kulisoma, kwa hiyo amri ilikubali. Na safari hii sikuondoka bila kuangalia. Njia ya haraka ni `ls -l`, ambayo inaziandika bendera kwa herufi. Kabla ya marekebisho ilionyesha `---x-wx--T`, na hiyo T ya mwisho ndiyo ile bendera ya 512. Baada yake ikaonyesha:

```
-rw-------
```

Alama ya kwanza ni ya aina ya faili, tisa zinazofuata ni bendera zetu. Mimi nasoma na kuandika. Kundi hakuna. Wengine hakuna. Majina ya watu wangu yako salama.

Tukiachana, jaribu hii kwa kalamu na karatasi: kompyuta imekupa 16877. Isogeze nafasi 12 ujue ni faili au folda, kisha toa ruhusa za kila upande kwa barakoa ya 7. Ukipata folda ambayo mwenyewe ana ruhusa zote tatu, na kundi na wengine kila mmoja ana 5, umeisoma sawasawa.